Tangazo la lugha mbili: kwa nini Kiswahili kinaonekana mdogo wa Kiingereza wakati saizi ni ile ile?

#1 Bawaba

Wakuu, habari. Nina tangazo la kufungwa maji, karatasi ya A3 iliyosimama, Kiswahili safu ya kushoto na Kiingereza safu ya kulia. Upana wa safu ni sawa, fonti ni moja, Arial. Vichwa nimeviandika pointi 60 boldi, maelezo pointi 28 ya kawaida. Maneno yenyewe ni haya:

```
Maji yatafungwa
Maji yatafungwa Jumamosi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana.

No Water
Water will be off on Saturday from 8 a.m. to 2 p.m.
```

Ukisimama hatua nne kutoka ukutani, macho yanakimbilia Kiingereza. Kiswahili kinaonekana kama maelezo ya ziada. Sitaki kukuza Kiswahili kwa kubahatisha. Nataka kujua chanzo ni nini na kinarekebishwaje.

#2 Kidakatonge

Chanzo ni urefu wa Kiswahili. Sentensi yako ya Kiswahili ina herufi, nafasi na alama 65, ya Kiingereza 51. Kiswahili kimezidi kwa robo, kwa hiyo kinabanana na mwenzake anapumua. Punguza maneno ya Kiswahili mpaka hesabu zilingane, tatizo limekwisha.

#3 Dada Pambizo

Mimi sioni tatizo la herufi, naona tatizo la maneno. "Maji yatafungwa" ni Kiswahili gani? Watu husema maji yatakatwa. Au "hakutakuwa na maji". Rekebisha lugha kwanza, mpangilio baadaye.

#4 Fundi Wino

Bawaba, kabla ya nadharia yoyote, chukua rula uweke juu ya karatasi iliyochapwa. Pima urefu wa M ya "Maji", kisha N ya "No". Arial ya pointi 60 inatoa herufi kubwa yenye urefu wa milimita 15 na kidogo. Ukipata 15 upande wa Kiingereza na 11 upande wa Kiswahili, basi saizi si ile ile, haijalishi uliandika nini kwenye kisanduku cha saizi.

Nasema hivyo kwa sababu kichwa chako hakiwezi kukaa mstari mmoja. A3 ina upana wa milimita 297. Ukitoa pambizo 20 kila upande na mwanya wa 12 katikati, zinabaki 245, yaani 122.5 kila safu. "Maji yatafungwa" kwa Arial Bold inahitaji takriban mara 7.7 ya ukubwa wa fonti. Kwa pointi 60 hiyo ni milimita 163. Haiingii. Ili ikae mstari mmoja ndani ya 122.5, fonti lazima ishuke hadi pointi 45 hivi. "No Water" inaingia bila shida na ingeweza hata kukaribia pointi 80. Kwa hiyo nakisia kwamba kisanduku chako kimewashwa kujipunguza chenyewe maneno yakizidi.

#5 Bawaba

Fundi, nimepima. N ni 15, M ni 11 na nusu. Nimepanga kwenye PowerPoint na kisanduku cha kichwa kina kimo cha mstari mmoja tu.

#6 Fundi Wino

Basi ndiyo hiyo. Bofya kisanduku kwa kitufe cha kulia, ingia `Format Shape`, halafu `Text Options`, halafu `Text Box`, na badala ya `Shrink text on overflow` chagua `Do not Autofit`. Fanya hivyo kwa visanduku vyote vinne, hata vile vinavyoonekana vizima, kwa sababu leo vinatosha na kesho ukiongeza neno moja vitajipunguza bila kukuambia. Kisha rudisha saizi kwa kuiandika upya.

Kidakatonge, nakujibu pia. Uko karibu na ukweli, ila kuhesabu herufi hakutoshi, kwa sababu herufi hazilingani upana. Angalia "yatafungwa" na "Water will". Zote zina nafasi 10. Kwa Arial Bold pointi 60, ya kwanza ina upana wa milimita 116, ya pili 99. Kiingereza kimejaa i na l nyembamba. Kiswahili kimejaa a, u, n, m na w, ambazo ni pana. Nimejumlisha sentensi nzima ya Bawaba kwa Arial ya kawaida: ya Kiswahili ni mara 31.3 ya ukubwa wa fonti, ya Kiingereza mara 22.3. Hiyo si robo, ni asilimia 40.

#7 Kidakatonge

Nimekubali hesabu. Lakini dawa yangu haibadiliki: kama Kiswahili kimezidi kwa asilimia 40, kipunguzwe zaidi. Ondoa "kuanzia". Badala ya "hadi" weka mstari mfupi.

#8 Mjukuu wa Chapa

Kidakatonge, ukimnyang'anya "kuanzia" na "hadi" upande mmoja, ukamwachia mwenzake "from" na "to", umempa mmoja sentensi kamili na mwingine amepewa telegramu. Msomaji wa lugha zote mbili ataona haraka nani kaandikiwa kwa heshima. Punguza pande zote au usipunguze.

Kanuni za Ayalandi za mwaka 2008 kuhusu mabango ya taasisi za umma zimeligusa hili moja kwa moja: neno la Kiairishi lisifupishwe ila neno la Kiingereza nalo limefupishwa. Zinataka pia Kiairishi kitangulie, na herufi zake zisiwe ndogo kuliko za Kiingereza. Walijua ubaguzi haupiti kwenye saizi peke yake.

#9 Zumari

Mjukuu umenikumbusha, Ayalandi hiyo hiyo ina somo lingine kwenye alama za barabarani. Kiairishi kinakaa juu kwa italiki na herufi ndogo, Kiingereza chini kwa herufi kubwa zilizosimama. Kiairishi kimetangulia kweli, lakini herufi kubwa zinajaza nafasi yote na italiki inaonekana kama nukuu. Kutangulia hakukutosha.

Kwa hiyo Bawaba, sheria ya kwanza: usitofautishe lugha kwa italiki, wala kwa kuiweka moja rangi ya kijivu. Mtindo uwe mmoja.

#10 Kalamu ya Mwanzi

Hapo kwenye herufi kubwa niongezee. Tazama #1: Kiswahili "Maji yatafungwa", herufi kubwa moja. Kiingereza "No Water", herufi kubwa mbili. Kiingereza kina mazoea ya kuinua kila neno la kichwa, Kiswahili hakina. Ukiacha kila lugha na mazoea yake, Kiingereza kinapata minara mingi zaidi. Andika "No water".

Na mtu asishawishike kuweka yote kwa herufi kubwa ili "zilingane". YATAFUNGWA inakuwa tofali moja refu lisilo na umbo, wakati neno fupi kama WATER bado linasomeka kwa mtazamo mmoja. Neno refu ndilo linaloumia zaidi kwa herufi kubwa, na Kiswahili ndicho chenye maneno marefu.

#11 Dada Pambizo

Narudia, "yatafungwa" inachanganya. Anayefungwa ni mtu.

#12 Mjukuu wa Chapa

Dada yangu, bomba linafungwa, mlango unafungwa, na mfuko wa sukari unafungwa, hakuna aliyepelekwa jela. "Yatakatwa" inabeba harufu ya kukatiwa kwa sababu ya deni. Hapa ni matengenezo.

#13 Fundi Wino

Swali la Dada Pambizo lina faida moja ya kimpangilio ambayo hajaitaja. Maneno ya kichwa yachaguliwe kwa jozi, si kila lugha peke yake. Bawaba ameweka sentensi yenye kitenzi upande mmoja, na maneno mawili yaliyokatwa upande wa pili. "No water" ni vitu viwili vifupi, "Maji yatafungwa" ni kauli kamili. Hakuna fonti itakayowalinganisha hao.

Lakini akichukua "Water will be off", kauli kamili kwa kauli kamili, mambo yanageuka. Kitenzi cha Kiswahili kinameza maneno: "yatafungwa" peke yake inabeba wakati, kitenzi na kutendwa, kazi ambayo Kiingereza inaifanya kwa maneno matatu. Kwa kichwa hiki Kiswahili kina nafasi 15, Kiingereza 17. Mnaosema Kiswahili daima ni kirefu, pimeni mstari kwa mstari. Kinachorefusha sentensi ya chini ni saa: "saa 2 asubuhi" dhidi ya "8 a.m.".

Kisha vunja kila kichwa mistari miwili:

```
Maji                Water will
yatafungwa          be off
```

Pointi 60 pande zote. "yatafungwa" milimita 116 ndani ya safu ya 122.5, imeingia. Na shika hii: saizi ya kichwa cha tangazo la lugha mbili inaamuliwa na neno moja refu kuliko yote lisilovunjika, na mara nyingi neno hilo liko upande wa Kiswahili. Anza na hilo neno. Tafuta saizi linayoenea, kisha mpe mwenzake saizi hiyo hiyo. Wengi huanza na Kiingereza kwa sababu ndicho kilichoandikwa kwanza, Kiswahili kikaja kusukumwa ndani ya kisanduku kilichokwisha kuchongwa.

#14 Tobwe

Na mimi nina kibandiko cha mlango, "Sukuma" upande mmoja na "Push" upande mwingine. Neno moja kwa moja. Nimeyanyoosha yote mawili yajaze upana ule ule wa kibandiko ili yawe sawa. Nimekosea?

#15 Fundi Wino

Tobwe, umekosea kwa nia njema. "Sukuma" kwa Arial Bold ni pana mara 1.6 kuliko "Push". Ukijaza upana sawa, "Sukuma" ikiwa pointi 60, "Push" inafika 95. Anayetazama haoni upana, anaona kimo na unene wa wino. Weka zote 60, zianzie ukingo mmoja wa kushoto, na nafasi inayobaki baada ya "Push" iache tupu. Na kama ulivuta kisanduku kwa upana bila kimo, umeharibu zaidi: miguu iliyosimama ya herufi imenenepa na mistari ya kulala imebaki myembamba.

#16 Kidakatonge

Sawa, saizi imerekebishwa, kichwa kimerekebishwa. Lakini nimelichapa la Bawaba kwa saizi sawa kabisa na bado Kiswahili kwangu ni hafifu. Nadhani ni shingo za herufi. Hesabuni herufi zinazopanda juu, yaani zenye shingo kama b, d, f, h, k, l, t pamoja na herufi kubwa. Sentensi ya Kiingereza ina 12 kati ya herufi 34. Ya Kiswahili ina 10 kati ya 52. Kiingereza ni milima, Kiswahili ni tambarare. Jicho linashikwa na milima.

#17 Kalamu ya Mwanzi

Hesabu yako ni sahihi, nimeirudia. Lakini hitimisho naliona kinyume. Tambarare iliyojaa a 15 na nafasi chache kati ya maneno inatoa ukanda mweusi uliolingana. Ukikunja macho, Kiswahili kwangu ni kizito zaidi kuliko Kiingereza, si hafifu.

#18 Zumari

Mnaweza kuacha kubishana kwa macho. Fungua picha ya tangazo kwenye GIMP, chagua eneo la Kiswahili kwa mstatili, nenda `Colors`, `Info`, `Histogram`, soma namba ya `Mean`. Rudia kwa Kiingereza. Namba ndogo ndiyo nyeusi zaidi.

#19 Mjukuu wa Chapa

Zumari, njia ni nzuri ila ina mtego. Ukichora mstatili wa ukubwa sawa pande zote, unapima pia karatasi tupu iliyobaki mwisho wa mistari. Kiingereza ni kifupi zaidi, kwa hiyo mstatili wake una weupe mwingi, `Mean` inapanda, na unaambiwa Kiingereza ni hafifu. Kumbe weupe ule ndio unaokipa nafasi ya kusimama peke yake. Chora mstatili unaobana maneno tu, na ujue bado unapima wino, hupimi kinachovutia jicho. Hayo ni mawili tofauti.

#20 Zumari

Nakubali kuhusu kubana mstatili. Ila kinachovutia jicho tutakipimaje?

#21 Mjukuu wa Chapa

Kwa kuwauliza watu watatu wanaopita, kila mmoja akitazama sekunde moja tu, aseme ameona nini kwanza. Kisha geuza safu, Kiingereza kushoto, uwaulize wengine watatu. Kama wote wanataja cha kushoto mara zote mbili, tatizo ni mahali, si herufi.

#22 Fundi Wino

Kuhusu safu. Mimi sigawi karatasi nusu kwa nusu. Nagawa upana kwa kadiri ya urefu wa maneno, saizi ya fonti naiacha sawa. Hapa uwiano ni 31.3 kwa 22.3, ambao ni karibu 7 kwa 5. Milimita 245 zinagawanyika kuwa 143 za Kiswahili na 102 za Kiingereza. Kichwa "Water will" cha milimita 99 kinaingia kwenye 102, kwa tabu lakini kinaingia. Maelezo ya pointi 28 yanakaa hivi:

```
Maji yatafungwa Jumamosi          Water will be off on
kuanzia saa 2 asubuhi hadi        Saturday from 8 a.m.
saa 8 mchana.                     to 2 p.m.
```

Mistari mitatu kwa mitatu, inaanza pamoja, inaisha pamoja. Anayepanga kwa ajili ya skrini aandike hivi:

```css
.tangazo {
  display: grid;
  grid-template-columns: 7fr 5fr;
  column-gap: 12mm;
}
```

Zote zipangwe kushoto, ukingo wa kulia uachwe wa kupanda na kushuka. Ukilazimisha kingo zote mbili zinyooke kwenye safu nyembamba hivi, mashine haina pa kuficha nafasi ya ziada isipokuwa kati ya maneno. Mstari wa maneno matatu kama ule wa kwanza wa Kiswahili una mianya miwili tu ya kubeba pengo lote, na hapo unaona mashimo meupe ambayo safu ya Kiingereza haina.

#23 Kalamu ya Mwanzi

Fundi, kwa heshima. Nimejaribu safu sawa za 122.5 kwa maneno haya haya na saizi hizi hizi. Kiswahili kinatoka mistari mitatu. Kiingereza nacho mitatu, wa mwisho ukiwa "p.m." peke yake. Sasa 7 kwa 5 ya nini? Mtu akitazama atasema Kiswahili kimependelewa kwa eneo.

#24 Fundi Wino

Umepima sawasawa. Kwa sentensi moja, safu sawa zinatosha. Ila "p.m." imebaki yatima kwenye mstari wa tatu, na kulia kwa Kiingereza kuna uwazi mkubwa kuliko kwa Kiswahili. Ongeza aya ya pili, mathalani ya kuwaomba watu wahifadhi maji, halafu ya tatu ya namba ya dharura, uone kila aya inavyosogea mpaka aya ya mwisho ya Kiingereza inakaa mistari miwili juu ya mwenzake. Hapo 7 kwa 5 inalipa.

Hoja ya upendeleo siikatai. Mimi naona usawa ni mistari kuanza na kuisha pamoja. Wewe unaona usawa ni eneo.

#25 Dada Pambizo

Kwa nini msiweke moja juu, nyingine chini, kila moja ichukue upana wote? Mabishano ya safu yanakwisha.

#26 Kalamu ya Mwanzi

Yanakwisha ya upana, yanaanza ya juu na chini. Kwa upana wote wa 257, sentensi zenyewe hazilingani: Kiingereza cha pointi 28 ni milimita 220, kinakaa mstari mmoja. Kiswahili ni 309, kinadondosha mkia kwenye mstari wa pili. Ukiwa na mstari mmoja juu ya mwingine, ule wa mmoja unaonekana kama kauli, ule wa mmoja na nusu kama maelezo.

Mwanya kati ya vitalu viwili nao uangaliwe. Ukiwa mdogo karibu na nafasi ya mistari, cha pili kinaonekana kiambatisho cha cha kwanza.

#27 Tobwe

Jamani, kuna kitu kinanisumbua tangu mwanzo na hakuna aliyekisema. Kushoto pameandikwa 2 mpaka 8. Kulia pameandikwa 8 mpaka 2. Mtu akipita mbio ataona kosa la uchapaji.

#28 Kidakatonge

Rahisi. Weka saa mara moja katikati, `08:00–14:00`, kwa lugha zote. Unapunguza maneno, na mistari inalingana yenyewe.

#29 Mjukuu wa Chapa

Kidakatonge, hapo ndipo mtu atakapokosa maji. Mwenye kusoma saa kwa Kiswahili akiona 8:00 bila neno pembeni anasoma saa nane, yaani mchana. Anajaza ndoo saa tano, anakuta bomba limekauka tangu saa mbili. Tarehe inaweza kushirikiwa katikati, namba ya simu inaweza, namba ya chumba inaweza. Saa haiwezi, kwa sababu hesabu zenyewe zinaanzia mahali tofauti.

Na neno "asubuhi" lisiachwe hata kama mstari umebana. "Saa 2" tupu inaweza kuwa ya usiku.

#30 Kalamu ya Mwanzi

Basi Kiswahili kiandike saa kwa maneno: "saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana". Hakuna tena 2 na 8 za kugongana na 8 na 2.

#31 Fundi Wino

Mgongano unaondoka, lakini unaondoa tarakimu upande mmoja na kuziacha upande wa pili. Kwenye aya ya herufi ndogo, tarakimu inasimama kimo karibu na herufi kubwa, na ndiyo inayotafutwa na anayetaka kujua saa ngapi. Kiingereza kitakuwa na nanga mbili, Kiswahili hakuna. Kisha mstari unarefuka tena.

Mimi nabakiza tarakimu, ila nahakikisha 2 na 8 hazikai mstari mmoja na 8 na 2 za upande wa pili. Kwenye mpangilio wa 7 kwa 5 hapo juu, mstari wa pili una "saa 2 asubuhi" na "8 a.m.", zinazoonana uso kwa uso. Ningetenga saa kuwa aya yake, na kuziweka "asubuhi" na "mchana" kwa boldi pamoja na tarakimu zake, na "a.m." na "p.m." vilevile. Jicho lichukue "2 asubuhi" kama kitu kimoja.

#32 Kalamu ya Mwanzi

Boldi kwenye "asubuhi", herufi 7, dhidi ya boldi kwenye "a.m.", herufi 2. Umempa Kiswahili wino mwingi mahali pamoja. Sijashawishika.

#33 Zumari

Kabla hamjasahau, jambo dogo lenye madhara. Kati ya "saa" na "8" wekeni nafasi isiyokatika, kwenye Word na LibreOffice ni `Ctrl+Shift+Space`, kwenye wavuti ni ` `. Kwenye safu ya 143 ya Fundi, bila hiyo, mstari wa pili unaishia "hadi saa" na wa tatu unaanza "8 mchana". Tarakimu tupu mwanzoni mwa mstari, mkabala na "to 2 p.m.", ndiyo kuchanganya watu kwenyewe. Upande wa Kiingereza nao vivyo hivyo kati ya "8" na "a.m.".

Na zimeni ukataji wa maneno mwisho wa mstari. Programu ikidhani maandishi yote ni Kiingereza inaweza kukata "yatafun-gwa". Kiswahili silabi kwa kawaida inaishia kwenye irabu, ni ya-ta-fu-ngwa, kwa hiyo kukikatwa kukatwe "yata-fungwa". Lakini tangazo la ukutani halihitaji kukata neno lolote.

#34 Dada Pambizo

Hilo la kuziambia programu lugha ni muhimu pia kwa wasiosoma kwa macho. Kwenye wavuti, kila safu iwe na `lang="sw"` na `lang="en"` yake. Bila hivyo kisomaji cha skrini kinaweza kutamka "yatafungwa" kwa matamshi ya Kiingereza.

#35 Mjukuu wa Chapa

Umesema la maana dada, ingawa la jela nimebaki na msimamo wangu.

Bawaba, usipeleke faili la PowerPoint kwa mchapaji, peleka PDF iliyobeba fonti ndani yake. "yatafungwa" ina milimita 6 tu za akiba kwenye safu ya 122.5. Kompyuta ya mchapaji ikikosa Arial na kuweka Liberation Sans, hakuna kitakachosogea, maana upana wa herufi zake umefanywa ulingane na Arial. Ikiweka DejaVu Sans, ambayo ni pana zaidi, neno linatoka nje ya safu, na mchapaji kwa kukusaidia atapunguza saizi ya Kiswahili peke yake. Unarudi #1.

#36 Bawaba

Shukrani wakuu. Nimezima kujipunguza, kichwa ni mistari miwili kila upande, "Water will be off", M na W zote ni milimita 15 kwa rula. Nimechapa mbili: ya safu sawa, na ya 7 kwa 5. Watu watatu wa sekunde moja kwa kila karatasi. Ya safu sawa, wawili wameona Kiswahili kwanza, mmoja Kiingereza. Ya 7 kwa 5, wote Kiswahili. Bado sijageuza kushoto na kulia.

Mmoja kati yao ameuliza kama saa zimeandikwa kimakosa.

#37 Kidakatonge

Geuza kushoto na kulia ndipo utuambie. Na kwenye saa, jaribu la Kalamu, la maneno, kwa lugha zote mbili: "eight in the morning". Nanga zinaondoka pande zote.

#38 Fundi Wino

Hilo la pande zote sikulifikiria. Litarefusha Kiingereza zaidi ya Kiswahili, kwa hiyo uwiano wa safu utabadilika. Piga hesabu upya kabla ya kuchapa, na neno refu la kichwa libaki pale pale, pointi 60.

#39 Kalamu ya Mwanzi

Na anayetafuta saa kwa mbali hatakuwa na tarakimu hata moja ya kushika. Mimi ningejaribu kwanza saa ikiwa aya yake, tarakimu pande zote, bila boldi.